Maiki ya mimbari isiyo na waya bwaloni: namna ya kuipanga sauti hadi kila neno lisikike

Kabla ya kununua kitu chochote, fanya jaribio hili. Msimamishe mwanafunzi kwenye mimbari, mpe karatasi yenye maneno kumi, na wewe kaa kiti cha mwisho kabisa nyuma ukiwa na kalamu. Ayasome kwa mpangilio usioujua: saa, taa, paa, kaa, faa, vaa, zaa, jaa, baa, njaa. Andika unachosikia. Maneno yote yanaishia na sauti ileile, kwa hiyo huwezi kubahatisha kwa maana ya sentensi. Unategemea konsonanti peke yake.

Katika bwalo moja la sekondari nililopewa kazi ya kufunga sauti, nilipata manne kati ya kumi, na vyombo vilivyokuwapo vilikuwa na sauti kubwa ya kutosha kusikika hadi barabarani. Mkuu wa shule alikuwa ameshaandaa bajeti ya spika kubwa zaidi. “Fundi, tuongeze ukubwa?” aliniuliza. Nikamjibu, “Mkuu, ukubwa upo. Tatizo ni mahali zilipo na zinakoangalia.” Spika zake mbili zilikuwa sakafuni kwenye pembe za jukwaa, nyuma ya mimbari, zikitazama magoti ya walioketi mbele.

Irabu zina nguvu na zimekaa chini, nyingi zikiwa chini ya Hz 1,000. Konsonanti kama s, t, f na k ni nyepesi, na kinachozitofautisha kiko juu, kuanzia karibu Hz 2,000 kwenda mbele. Ukiongeza sauti tu, irabu zinajaza bwalo, zinagonga kuta, zinarudi na kuifunika konsonanti ya neno linalofuata. Ndiyo maana mtu anaweza kusema “nasikia sana lakini sielewi”, na anasema kweli.

Kwanza, lijue bwalo lenyewe

Bwalo hilo lina urefu wa mita 24, upana wa mita 12 na kimo cha mita 5 hadi silingi bodi. Sakafu ni ya zege, kuta zimepigwa plasta, madirisha ni ya vioo. Vyote hivyo vinarudisha sauti badala ya kuimeza. Kuna kanuni rahisi ya kukadiria sauti inakaa sekunde ngapi kabla ya kufa:

```
T = 0.161 x V / A
```

V ni ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, na A ni jumla ya umezaji wa sauti. Hapa V ni 24 x 12 x 5, yaani 1,440. Eneo la sakafu, dari na kuta ni mita za mraba 936 hivi, na nyuso ngumu kama hizo nilizikadiria kumeza asilimia 5 tu, kwa hiyo A ni kama 47. Jibu ni karibu sekunde 4.9. Sasa ingiza wanafunzi 300. Mtu mmoja aliyeketi humeza sauti sawa na karibu mita ya mraba 0.4, hivyo A inapanda hadi 167 na sekunde zinashuka hadi 1.4.

Hayo ni makadirio, lakini yanafundisha mambo mawili. La kwanza, bwalo tupu litakudanganya. Ukilisikiliza Ijumaa jioni likiwa halina mtu utaona kazi yako ni mbovu kuliko ilivyo, na ukiminya ikwalaiza ili kulitibu bwalo tupu, siku ya mahafali sauti itakuwa kavu na haina uhai. La pili, watu ndio kitambaa chako bora cha kumeza sauti, basi elekeza spika kwao. Spika inayopiga ukuta wa nyuma au dari inaulisha mwangwi tu. Mapazia mazito kwenye ukuta wa nyuma yanasaidia sana. Pazia jepesi la kupendezesha dirisha halisaidii karibu chochote.

Spika: mbele ya mimbari, juu ya vichwa

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Ukikosea hapa hakuna kitufe cha miksa kitakachokuokoa.

Sharti la kwanza ni kwamba spika zote ziwe mbele ya maiki kuelekea wasikilizaji, kamwe zisiwe nyuma yake. Maiki nyingi za mimbari husikia mbele na kisogo chao ni kizito, na unataka spika iwe upande wa kisogo. Tulizisogeza spika za mbele mita 2 mbele ya mimbari, tukazifunga ukutani kushoto na kulia, sehemu yao ya chini ikiwa mita 2.5 kutoka sakafuni.

Kimo hicho kina sababu. Sauti ya spika hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Spika iliyo usawa wa masikio iko mita 3 kutoka kwa mwanafunzi wa kwanza na mita 21 kutoka kwa wa mwisho, tofauti ya karibu desibeli 17. Wa mbele anaziba masikio na wa nyuma anakodoa macho. Ukiipandisha, mwanafunzi wa mbele anakuwa mbali nayo kidogo na pia anakuwa chini ya mwale wake mkuu, kwa hiyo tofauti inapungua.

Kisha iinamishe. Sehemu ya juu ya spika, ile yenye pembe ya kutolea sauti kali, ndiyo inayobeba konsonanti, na inatoa sauti kama tochi inavyotoa mwanga. Nenda ukae theluthi mbili ya bwalo kwenda nyuma, uitazame spika. Ukiiona uso kwa uso, sawa. Ukiona chini ya sanduku lake, iko juu mno au haijainama vya kutosha. Sisi tulifunga uzi kwenye uso wa spika, mtu mmoja akauvuta hadi kichwa cha mwanafunzi aliyeketi, tukakaza boliti uzi ukiwa umenyooka. Inachukua dakika tano.

Kuhusu kufunga ukutani niseme bila kuzunguka: tofali la saruji lenye uwazi halishiki boliti fupi. Toboa hadi upande wa pili, weka bamba la chuma nyuma na nati, au funga kwenye nguzo ya zege. Halafu ongeza mnyororo wa pili wa usalama kutoka kwenye spika hadi sehemu nyingine ya jengo. Chini ya kila spika wanakaa watoto.

Kwa bwalo la mita 24, jozi moja haikunitosha. Niliongeza jozi ndogo ya pili ukutani, mita 12 nyuma ya ile ya kwanza, ikiwa chini kidogo kwa sauti. Lakini jozi ya pili bila kuicheleweshea sauti ni kosa linalofanyika kila mahali. Umeme unafika spika ya nyuma papo hapo. Sauti ya spika ya mbele inatembea hewani kwa karibu mita 345 kwa sekunde kwenye joto letu. Kwa mita 12 inachukua:

```
12 / 345 = 0.035 s = 35 ms
```

Mwanafunzi wa nyuma anasikia kila silabi mara mbili. Kwa hiyo kwenye miksa ya kidijiti, fungua njia ya kutokea inayolisha spika za nyuma, weka uchelewesho wa 35 ms, kisha ongeza 10, jumla 45. Hizo 10 za nyongeza zinafanya sauti ya mbele ifike kwanza, na sikio la binadamu huamini kilichofika kwanza: wa nyuma ataona kama sauti yote inatoka kwa msemaji. Kama miksa yako haina uwezo huo, bora ubaki na jozi moja nzuri iliyopanda juu.

Maiki ya mimbari na njia yake ya hewani

Kuna njia mbili za kuipata mimbari isiyo na waya. Moja ni kununua kitako chenye transmita ndani na maiki ya shingo ndefu inayopinda. Nyingine ni kutumia maiki ya shingo ya kawaida yenye plagi ya pini tatu, XLR, na kuichomeka kwenye transmita ndogo inayoingia moja kwa moja kwenye plagi hiyo. Ya pili inakupa uhuru wa kubadilisha maiki, lakini ina mtego. Karibu maiki zote za shingo ni za aina ya kondensa na zinahitaji umeme wa fantom ili zifanye kazi. Kwenye waya, miksa hupeleka volti 48. Hewani hakuna volti zinazopita, kwa hiyo transmita yenyewe lazima iutoe. Transmita za bei ya chini nyingi hazitoi. Utachomeka kila kitu, taa zitawaka, risiva itaonyesha mawimbi yamejaa, na hakuna sauti hata kidogo. Muulize muuzaji kabla ya kulipa, na usome kwenye kijitabu chake inatoa volti ngapi na maiki yako inadai ngapi.

Shingo ya maiki ipandishwe hadi iwe sentimita 20 hivi kutoka mdomoni, ikitokea chini ya kidevu na kuelekea mdomoni kwa pembe, isiwe mbele ya midomo kabisa. Hapo pumzi ya p na b inapita juu yake bila kuipiga. Umbali huu una thamani kuliko pesa. Msemaji akirudi nyuma kutoka sentimita 20 hadi 40, maiki inapoteza desibeli 6 za sauti yake, wewe unapandisha ili kufidia, na unapandisha pamoja nayo mwangwi na mluzi, ule mlio unaozuka sauti ya spika inaporudi kwenye maiki. Niligandisha utepe mweupe sakafuni nyuma ya mimbari, alama ya kusimamisha vidole vya miguu. Wageni rasmi wanaufuata bila hata kuambiwa.

Sasa masafa. Epuka maiki za 2.4 GHz ikiwa shule ina Wi-Fi, kwa sababu simu 300 zikiingia bwaloni zitagombania nafasi hiyohiyo. UHF inatulia zaidi, lakini si UHF yoyote. Televisheni za kidijiti katika ukanda wetu zinatumia 470 hadi 694 MHz, na juu ya hapo, kuanzia 694 hadi 862, ni eneo lililotengewa mitandao ya simu. Vyombo vya mitumba kutoka Ulaya vinavyofanya kazi karibu na 800 MHz huuzwa rahisi kwa sababu hiyo hasa: kwao havitumiki tena kwa uhuru, na hapa vinaweza kukuangusha mara mnara wa simu unapozidiwa na kazi. Waulize wasimamizi wa mawasiliano, TCRA kama uko Tanzania, CA ukiwa Kenya, au UCC Uganda, ni masafa gani yanaruhusiwa kwa maiki zisizo na waya na kama unahitaji kibali, kisha ununue chombo kinachoingia humo.

Risiva iweke karibu na jukwaa, iione mimbari bila mtu kusimama katikati. Mwili wa binadamu ni maji mengi na maji humeza mawimbi. Nimekuta mara nyingi risiva imewekwa nyuma ya bwalo karibu na miksa, mita 20 kutoka kwenye transmita, halafu watu 300 wanasimama kuimba wimbo wa taifa na sauti inakatika. Peleka waya mrefu wa XLR kutoka risiva hadi kwenye miksa. Waya huo hauchoki wala haukatiki kwa sababu ya vichwa. Antena mbili zifungue kama herufi V.

Kutafuta chaneli, zima transmita zote, washa kila kitu kingine kitakachowashwa siku ya shughuli, kuanzia projekta hadi Wi-Fi, halafu bonyeza `SCAN` kwenye risiva. Ikikupa chaneli safi, washa transmita na uipeleke kwenye chaneli hiyo. Kisha mwanafunzi ashike transmita aitembeze jukwaa zima akihesabu kwa sauti, wewe ukitazama mistari ya mawimbi. Ikishuka mahali fulani, hapo ndipo mimbari isiwekwe.

Kupanga viwango, kuanzia mdomoni

Sauti ipangwe kwa kufuata njia inayopita: transmita, risiva, miksa, spika. Ukianza mwisho utazunguka siku nzima.

Mwambie mtu asome risala kwa sauti yake ya jukwaani, si ya kunong'ona. Kwenye transmita pandisha geini hadi taa ya kuzidi iwake, kisha irudishe nyuma hadi isiwake tena hata anapocheka au kukohoa. Sauti ikichanika hapa, hakuna cha kuirekebisha mbele. Risiva nyingi zina swichi ya kuchagua kiwango cha maiki au cha laini. Angalia inalingana na tundu unaloingizia kwenye miksa. Na hapo kwenye miksa uzime fantom kwa chaneli hiyo, maana risiva haiihitaji. Geini ya miksa ipande hadi mita yake icheze katikati ya kijani na kugusa njano kwa maneno makali, feda, kile kitelezi cha sauti ya chaneli, ikiwa imekaa kwenye sifuri. Mwisho kabisa ndipo unapopandisha spika zenyewe hadi bwalo lisikie vizuri.

Kichujio cha chini kiwashe, kwa maiki ya mimbari nakiweka Hz 120. Chini ya hapo hakuna neno lolote, kuna mtu anayegonga mbao za mimbari, karatasi zinazowekwa na feni. Halafu punguza desibeli 3 hivi karibu na Hz 250, ambapo mabwalo kama haya hutoa sauti ya kwenye mtungi. Usikimbilie kuongeza masafa ya juu. Mara nyingi ukiondoa uvimbe wa chini, konsonanti zinajitokeza zenyewe.

Ndipo uje kwenye mluzi. Mimbari mahali pake, mtu amesimama, feda ipandishe polepole hadi uanze kusikia mlio unaotaka kuzaliwa. Usikilize: ukivuma kama “uuu” tafuta kati ya Hz 200 na 500, ukilia kama mtu anayepiga mluzi tafuta kati ya 1,000 na 2,000, ukiwa mkali kama sindano ni juu ya hapo. Shusha kitelezi hicho cha ikwalaiza kwa desibeli 3, ukirudi shusha nyingine 3, kisha pandisha feda tena utafute wa pili. Nasimama kwenye wa tatu. Ukijikuta unakata sita au saba, sauti ya mtu imeshakuwa ya kwenye simu, na ugonjwa hauko kwenye ikwalaiza; rudi ukatazame spika imeelekea wapi na mdomo uko mbali kiasi gani na maiki. Ukimaliza, rudisha feda chini kwa desibeli 6 kutoka pale mluzi ulipoanzia, uweke alama ya kalamu hapo. Hiyo ndiyo dari yako. Maiki nyingine zote zisizotumika ziwe zimefungwa, kwa sababu kila maiki iliyo wazi inakula sehemu ya nafasi hiyo.

Umeme na mvua

Miksa, risiva na spika zichukue umeme kutoka chanzo kimoja kilicho na waya wa ardhi. Ukisikia mvumo mzito usiobadilika hata feda ikiwa chini, kwa kawaida ni vyombo vilivyochomekwa kwenye soketi za pande mbili tofauti za jengo. Wapo wanaokata pini ya ardhi ili mvumo uishe. Usifanye hivyo hata siku moja; anayeshika maiki ya waya yenye bati ndiye atakayelipa. Wakati wa kuwasha, spika ziwe za mwisho. Wakati wa kuzima, ziwe za kwanza, zisipige mshindo.

Betri mpya mbili za AA huwekwa asubuhi ya shughuli, hata kama za jana zinaonyesha zina nguvu. Za jana zipeleke kwenye redio ya ofisi.

Mvua kubwa juu ya mabati haina dawa kwenye miksa. Nimewahi kusukuma sauti hadi taa nyekundu zikawaka na bado hotuba haikueleweka. Kubaliana mapema na mshereheshaji kwamba mvua ikianza kumwagika, kwaya iingie na hotuba isubiri.

Siku tuliyorudia jaribio

Spika zikiwa zimepanda, uchelewesho ukiwa 45 na utepe uko sakafuni, tuliingiza kidato cha pili wote, tukaketi tena nyuma, mimi na mwalimu wa Kiswahili, kila mmoja na karatasi yake. Mwanafunzi alisoma maneno yale kumi kwa mpangilio mpya. Mwalimu alipata kumi. Mimi nilipata tisa: niliandika “paa” aliposema “baa”. Tukapandisha shingo ya maiki kidole kimoja, akasoma tena, na safari hii karatasi zetu zililingana. Niliupima umbali huo kwa rula, sentimita 18, nikauandika kwa kalamu ya wino usiofutika chini ya ubao wa mimbari, mahali ambapo mwanafunzi anayesimamia vyombo ataukuta kila anapoibeba.